Kiunzi cha insha: Itifaki ya Montreal

Muhtasari ninaoanzia
Mwaka 1974 wanakemia Molina na Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, huachia klorini angani na kuharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na miale hatari ya jua. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi hizo, ilitiwa saini mwaka 1987, ikaanza kutumika 1989, ikarekebishwa mara kadhaa. Tabaka linapona polepole.

Muhtasari unafuata miaka. Insha haitaufuata, maana tarehe zikipangwa tu hazijengi hoja.

Hoja kuu
Itifaki ilifaulu kwa sababu ilianza na ahadi ndogo zinazoweza kukazwa baadaye, wala haikungoja sayansi ikamilike.

1. Utangulizi (aya moja)
Anza na 1987. Onyo la 1974 lisizidi sentensi mbili. Tuzo ya Nobeli ya 1995 waliyopata Molina na Rowland naiacha: inapendeza, ila haithibitishi hoja.

2. Mkataba ulitangulia uhakika
- Ugunduzi wa 1985 ulionyesha upungufu, haukuthibitisha chanzo chake.
- Vipimo vya ndege za utafiti juu ya Antaktika, vilivyoonyesha kwamba klorini ndiyo chanzo, vilichukuliwa Agosti na Septemba 1987. Mkataba ulisainiwa tarehe 16 Septemba.
Tarehe hizi zikae pamoja katika aya moja. Msomaji aone zinavyogongana.

3. Ahadi zilizokazwa (sehemu ndefu kuliko zote, moyo wa insha)
- 1987: kupunguza CFC kuu kwa nusu tu.
- London, 1990: kuziondoa kabisa ifikapo 2000.
- Copenhagen, 1992: nchi tajiri zitangulize mwisho hadi 1996.
- Nchi zinazoendelea zilipewa miaka 10 ya ziada, kisha Mfuko wa Pande Nyingi wa kugharimia mabadiliko. Hapa nieleze kwa nini muda bila fedha usingetosha.
- Biashara ya gesi hizo na nchi zisizo wanachama ilizuiwa, hivyo kukaa nje kukawa na gharama.

4. Pingamizi
"Ilikuwa rahisi: watengenezaji walikuwa wachache na mbadala ulipatikana." Nikubali nusu yake. Kisha nijibu: mbadala wenyewe, HFC, ni gesi zinazopasha dunia joto, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yalizishughulikia kwa utaratibu uleule. Kama kazi ingekuwa rahisi tu, isingehitaji kurudiwa. Pingamizi lisitangulie sehemu ya 3. Litakosa cha kupingana nacho.

5. Hitimisho
- Tathmini ya kisayansi ya 2022: sera zikiendelea, ozoni juu ya Antaktika itarejea kiwango cha 1980 takriban mwaka 2066, sehemu kubwa ya dunia, takriban 2040.
- Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba utoaji wa CFC-11, mojawapo ya CFC kuu zilizokatazwa, ulikuwa umeongezeka kinyume na matarajio. Niutaje hapahapa, nisiufiche.