Uhai wa Miche ya Mpodo Chini ya Viwango Vitatu vya Kivuli, Mufindi: Ripoti Fupi

Miche 180 ya mpodo ilipandwa tarehe 4 Desemba, kila mmoja ukifungiwa kibati chenye namba, kisha ikagawanywa kwa kura katika makundi matatu ya miche 60: jua tupu, neti ya kivuli ya asilimia 40 na neti ya asilimia 70. Ukaguzi ulifanyika kila baada ya wiki 2 kwa wiki 52.

Miche 63 ilikufa: 31 juani, 13 chini ya neti ya asilimia 40 na 19 chini ya neti ya asilimia 70. Mingine 9 ilipoteza vibati au iling'olewa na fuko; hiyo tumeihesabu kuwa hai hadi siku ilipoonekana mara ya mwisho, kwa kuwa fuko hachagui kivuli, na kuiita mfu kungepotosha matokeo. Kwa makadirio ya Kaplan-Meier, uhai wa wiki ya 52 ulikuwa 0.47, 0.78 na 0.68 kwa mfuatano huo, na mikondo hiyo mitatu ilitofautiana (kaimraba 10.3, digrii huru 2, p = 0.006).

Modeli ya Cox, jua tupu likiwa kipimo, ilitoa uwiano wa hatari wa 0.37 kwa neti ya asilimia 40 (mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 0.19 hadi 0.70) na 0.62 kwa neti ya asilimia 70 (0.35 hadi 1.10). Namba hii ya pili isichukuliwe kama ilivyo. Mkondo wa asilimia 70 unashuka haraka wakati wa mvua, kisha unalala karibu tambarare, huku ule wa jua ukianza vizuri na kuporomoka kuanzia Juni, hata mikondo hiyo miwili ikakatana. Dhana ya kwamba uwiano wa hatari haubadiliki kwa wakati haikutimia.

Kwa hiyo tuligawa muda kwenye wiki ya 24, mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Kabla ya hapo, neti ya asilimia 70 ilikuwa na hatari mara 2.7 ya jua (1.1 hadi 7.0). Vifo vyake 15 kati ya 19 vilitokea kipindi hicho, vingi vikiwa vya kinyausi: mche namba 117 ulikuwa na majani mabichi kabisa, lakini shina lake usawa wa udongo lilikuwa jeusi na laini, likakatika lilipoguswa. Baada ya wiki ya 24 uwiano huo ulishuka hadi 0.15 (0.05 hadi 0.43), kwani miche ya juani ilipigwa na sakitu, kisha ukame.

Kwa msimu ujao tunapendekeza neti ya asilimia 40 tangu siku ya kupanda, pamoja na kundi jipya litakaloongezewa kivuli hadi asilimia 70 mvua zikikatika, jambo ambalo jaribio hili la eneo moja na mwaka mmoja halikulipima.