Majibu ya Ombi la Kubadilisha Mabati ya Bweni la Wasichana, Mikindani

Kamati ya Ujenzi wa Bweni la Wasichana,
Mikindani, Mtwara.
9 Septemba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LENU LA KULETA MABATI YA RANGI BADALA YA ALUZINKI AZ150

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua yenu ya tarehe 3 Septemba tumeipokea, na kamati imeijadili Jumamosi iliyopita pamoja na fundi mkuu wetu. Mnaeleza kwamba mabati tuliyoagiza, aluzinki tupu yenye utando wa AZ150 na unene wa jumla wa milimita 0.40, yamebaki machache tu ghalani na shehena nyingine itachukua wiki sita. Mnapendekeza mtuletee mabati ya rangi ya unene huohuo, mnayoyaita geji 28, utando wa AZ100, kwa bei ileile ya Sh 15,200 kwa mita.

Tunawashukuru kwa kuuliza kwanza. Wapo wanaoshusha mzigo tofauti usiku, mwenye jengo akagundua bati likiwa limeshapigiliwa.

Jibu letu ni kwamba hatukatai, lakini hatujakubali bado. Tutakubali pale masharti yaliyo katika barua hii yatakapotimia, na hadi hapo oda ya awali inabaki kama ilivyo. Naomba mnivumilie nieleze sababu, maana sipendi muone kamati inasumbua kwa kupenda kusumbua.

Bweni hili liko kama mita 300 kutoka ufukweni. Hapa kwetu kitasa cha mlango kinashika kutu kabla mlango haujachakaa. Miaka ya nyuma tuliezeka nyumba ya mwalimu kwa mabati ya rangi, mazuri sana kwa macho, na muuzaji wa wakati ule alituhakikishia kwa mdomo kwamba ni mabati ya pwani. Mwaka wa nne mke wa mwalimu akaona nguo zilizoanikwa barazani zina madoa ya kahawia. Tulipopanda ngazi, juu rangi ilikuwa bado inang'aa. Chini ya ukingo wa paa, pale mvua isipofika kuosha, chumvi ilikuwa imekaa na kutafuna bati mpaka kidole kinapenya. Rangi ya juu ilituficha ugonjwa uliokuwa unakula kutoka chini. Ndiyo maana nitauliza zaidi habari za upande wa chini wa bati lenu kuliko wa juu.

Tuanze na unene, kwa sababu hapo ndipo "unene huohuo" unapoteleza. AZ150 maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko wa alumini, zinki na silikoni kidogo kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Hiyo ni kama maikroni 20 kila upande. AZ100 ni kama maikroni 13 tu kila upande. Bati tuliloagiza la milimita 0.40, ukitoa utando, linabaki na chuma cha milimita 0.36. Bati lenu la 0.40 likiwa limepimwa pamoja na rangi, tuseme maikroni 20 juu na 5 chini, ukitoa rangi na utando unabaki na chuma cha takriban milimita 0.348. Kwa hiyo utando umepungua, na chuma chenyewe kimepungua, huku kipimo kwenye ankara kikisomeka kilekile. Sisemi kwamba mlikusudia hivyo. Nasema neno "geji 28" peke yake halitutoshi, kwani kila kiwanda kina geji 28 yake.

Kwa hiyo sharti la kwanza: chuma chenyewe, bila utando na bila rangi, kisipungue milimita 0.36. Mtuletee cheti cha kiwanda kinachoonyesha unene huo, uzito wa utando na daraja la chuma (tunahitaji G550 kama ilivyo kwenye oda), na namba ya koili iliyo kwenye cheti ifanane na ile iliyochapwa kwenye mabati yenyewe. Cheti cha koili nyingine, hata ikiwa ya kiwanda hichohicho, hatutakipokea. Kabla ya kupakia, fundi wetu atakuja dukani kwenu na mikromita, atachagua mwenyewe mabati matatu katikati ya rundo, atapima na kusaini. Mabati hayo matatu yatawekewa alama na yatakuwa kielelezo cha mzigo wote.

La pili, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, ni upande wa chini. Maikroni 5 za rangi ya mgongoni hazitoshi kwa baraza la Mikindani. Mna njia mbili. Ama mlete mabati yenye rangi kamili pande zote mbili, maikroni zisizopungua 20 kila upande, ama mtupatie AZ150 kwa vipande vya ukingoni peke yake. Mlisema ghalani mmebakiwa na mabati machache ya AZ150. Fundi amehesabu kwamba vipande 64 vya mita moja na nusu, 32 kila upande wa paa, vitatosha ukingo wote, halafu mabati ya rangi yatavifunika kwa mpishano kuelekea kwenye kofia. Aina hizo mbili ni jamii moja, hazigombani zikigusana. Mkichagua njia hii, urefu wa mabati ya rangi utabidi ukatwe upya, na gharama ya kukata ni yenu.

Dhamana iwe ya maandishi. Tunajua watengenezaji wengi huandika kwenye karatasi ya dhamana kwamba jengo lililo karibu na bahari halihusiki, na mteja hasomi mpaka siku bati limetoboka. Tunataka barua ya kiwanda, siyo ya duka, inayotaja Mikindani na umbali wa mita 300 kutoka baharini, na inayokubali kubeba kutu ya kutoboa kwa miaka isiyopungua 10. Kama kiwanda hakiwezi kuandika hivyo, basi kimetupa jibu kuhusu bati lake, nasi tutasubiri wiki sita.

Rangi yenyewe iwe ya poliesta isiyo na risasi, kwa sababu maji ya paa hili yanaingia kwenye tangi na mabinti watayanywa. Kiwanda kithibitishe hilo kwa maandishi. Na tunaomba rangi ya maziwa au kijivu chepesi. Mliyopendekeza, kahawia iliyoiva, inapendeza barabarani, lakini inavuta jua, na mabinti 48 watalala chini yake mwezi wa Januari.

Skrubu zije pamoja na mzigo, zilizopakwa utando wa kustahimili chumvi na zenye mpira imara chini ya kichwa. Misumari ya bati hatuitaki hata kwa kofia. Mwaka 2019 watu wa Mtwara tulikisubiri kimbunga Kenneth kwa hofu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita pwani hii hii ya kusini. Upepo wa namna ile haulisukumi paa, unalinyanyua. Bati likipungua chuma hata kidogo hupasuka kwenye tundu la skrubu mapema zaidi, kwa hiyo, hata baada ya kupima, fundi kwa tahadhari ataongeza skrubu kwenye papi mbili za ukingoni na mbili za karibu na kofia. Nyongeza hiyo ni skrubu 400. Tunaomba ziwe juu yenu kwa kuwa zimesababishwa na mabadiliko mliyoyaomba.

Yapo mengine ambayo ni yetu na tutayasimamia: mafundi hawatakata kwa grainda, kwa sababu cheche zake huungua ndani ya rangi na kuwa mbegu ya kutu, watatumia mkasi wa bati, papi zilizotiwa dawa yenye shaba zitatenganishwa na bati kwa ukanda wa nailoni nzito, na chokaa ya kuta za pembeni, ambayo huku Mikindani tunaijua tangu babu zetu, itakauka kabisa kabla bati halijakaribia, maana chokaa mbichi na saruji mbichi hula alumini. Nayataja ili baadaye kiwanda kisije kusema tuliharibu wenyewe. Kwa upande wenu, mabati yasafiri yamefunikwa turubai na yasishushwe wakati wa mvua. Rundo lililolowa likalala siku chache huja na madoa ambayo hayatoki, na mabati ya namna hiyo tutayarudisha.

Sasa bei. Hatuwezi kulipa bei ya AZ150 kwa AZ100, hata ikiwa na rangi. Fundi ameulizia mjini na kamati imeona Sh 14,300 kwa mita ni haki. Kwa mita 384 hiyo ni Sh 5,491,200 badala ya Sh 5,836,800, tofauti ya Sh 345,600. Mkichagua ile njia ya ukingo wa AZ150, mita hizo 96 za ukingoni tutazilipa kwa bei ya awali bila ubishi. Fedha hizi ni michango ya wazazi, wengine wametoa korosho kilo kwa kilo, na kila shilingi inasomwa kwenye mkutano wa hadhara. Nitasimama mbele yao kuieleza.

Tunaomba majibu yenu kwa maandishi ifikapo Ijumaa tarehe 19 Septemba, yakiambatana na cheti na barua ya dhamana. Vikitimia, mzigo uwe eneo la kazi kabla ya tarehe 3 Oktoba, ili tuezeke kabla mvua za Novemba hazijatukuta na kenchi wazi. Tarehe 19 ikipita kimya, tutahesabu kwamba mmeondoa ombi, na wiki sita za oda ya awali zitaanza kuhesabiwa tangu tarehe 3 Septemba mliyotuandikia.

Jambo moja la mwisho. Dereva wenu alimwambia fundi wetu kwa simu kwamba "kamati imeshakubali". Haikuwa kweli, na nina hakika alisema kwa nia ya kuharakisha kazi. Kuanzia sasa mabadiliko yoyote yatakuwa halali yakiwa na saini yangu na ya mwenyekiti. Ujumbe wa simu, au makubaliano na fundi akiwa juu ya ngazi, hayataifunga kamati.

Tumenunua kwenu saruji na nondo za msingi na hatukuwahi kurudisha mfuko hata mmoja. Tungependa paa nalo litoke kwenu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kamati ya Ujenzi wa Bweni la Wasichana

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati
Mkuu wa Shule
Fundi Mkuu, eneo la kazi