Nafasi ipo ya mtu mmoja, na aje na njaa

Assalaam aleikum, karibu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Tudor, nafanya kazi ya klaringi bandarini Kilindini, na nacheka kwa sauti. La kucheka nimelitaja mapema kwa sababu utalisikia kabla hujaniona.

Mamangu ni Mdigo wa Likoni, babangu ni mtu wa Mji wa Kale, kwa hivyo nimelelewa na feri katikati. Upande wa kisiwani nilifundishwa kuyapanga maneno. Upande wa Likoni nilifundishwa kupika samaki wa kupaka mpaka jirani apate sababu ya kuja kuazima chumvi. Yote mawili nimeyashika vizuri. Jirani yangu wa sasa, kila Ijumaa chumvi imemwishia, na kila Ijumaa sahani yake ipo.

Kazi yangu naipenda. Mtu akiagiza mzigo, meli ikifunga gatini, mimi ndiye wa makaratasi: manifesti, ushuru, kibali, mpaka kontena litoke getini. Kazi hii imenipa macho. Mtu anaweza kuandika viatu na ndani mkawa na mafriji, lakini mizani itasema tu. Kwa hivyo nakuomba mapema, kwa mapenzi kabisa: jitangaze ulivyo. Kama una watoto, andika, na majina yao nitayataka. Kama bado una mambo na mke, yamalize kwanza, hakuna anayekufukuza. Kama picha yako ni ya 2009, weka ya mwaka huu. Shati lile lilikuwa zuri, lakini ninayetaka kukutana naye ni wewe. Mzigo uliotangazwa kwa haki kwangu hautozwi faini, hata uwe mzito vipi.

Nami nautangaza wangu. Niliolewa, tukaachana kwa heshima, na yule bwana namwombea heri. Nina binti wa miaka 9, tunaishi pamoja. Ni mcheshi, ana maoni kuhusu kila kitu, na siku mtakapojuana (si karibuni, hilo lina wakati wake) atakusimulia habari za Owen na Mzee wa Haller Park. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Bamburi, na huko akamng'ang'ania kobe mkubwa mwenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwanzo kobe alikuwa akimkwepa. Kiboko hakukata tamaa, akawa anamfuata, analala ubavuni pake, mpaka mzee wa watu akakubali. Binti yangu husimulia na sauti zote mbili, na kobe humpa sauti ya babu yake. Utaisikia hadithi hii mara nyingi. Kila mara iwe ni mara ya kwanza kwako. Hiyo ndiyo mahari ya kuingilia nyumba yetu, na haina punguzo.

Jumamosi yangu ikoje? Asubuhi mahamri na mbaazi, na mahamri nayakanda mwenyewe, yenye iliki ya kutosha kuamsha ghorofa nzima. Saa za mchana ni za Marikiti, kwa sababu napenda kuchagua viungo kwa pua yangu, na wauzaji pale wananiita kwa jina. Alasiri tunakwenda Mama Ngina. Kachiri za muhogo zenye pilipili na ndimu, dafu, upepo, na meli zikipita mlangoni karibu kabisa, unaona mpaka mabaharia wakiwa juu. Hapo ndipo mimi huwa na raha kupita kiasi. Nitakuonyesha: ile iliyozibwa pande zote, ndefu kwenda juu, haina kontena hata moja, hiyo ni ya magari. Ile yenye kreni zake mwenyewe mgongoni haihitaji kungoja kreni za gatini. Ukiuliza swali moja nitakujibu mengi. Ukiuliza la pili, nitaanza kukupenda.

Jumapili ni ya mamangu, Likoni. Hiyo siku haigeuzwi, lakini mgeni mwenye adabu hualikwa. Mama hapimi mtu kwa gari. Humpima kwa jinsi anavyoongeza wali.

Sasa wewe. Uwe kati ya miaka 35 na 50, uwe unaswali, uwe na kazi unayoweza kuisimulia ukafurahi, iwe ni kufundisha, kushona, kuendesha tuktuk au kuhesabu pesa za benki. Nitakutazama unavyozungumza na makanga na unavyomshukuru aliyekuletea chai, kwa sababu siku moja nitakuwa mimi niliyechoka nikiwa na birika mkononi. Uwe mtu wa kusema ukikasirika. Kununa sikuwezi, nyumba yangu ni ndogo na kununa kunachukua chumba kizima.

Utajiri sikuulizi, mshahara ninao. Nakuuliza hili: Januari, joto limekaza, umeme umerudi usiku wa manane, nawe ndiye wa kwanza kuamka. Feni utaigeuzia wapi? Wa kwangu ni yule anayeiacha izunguke, kila mtu apate kidogo. Ukiwa pia unaweza kukumbuka ndimu na giligilani bila kutumwa mara ya pili, wallahi nitakutaja kwenye dua.

Nia yangu ni nikahi. Nalisema wazi ili tusizungushane. Haina maana kwamba nakuja na kadhi kwenye chai ya kwanza. Maana yake ni kwamba sichezi, na ningependa mwenzangu naye awe hachezi. Polepole ni sawa. Kupotea wiki mbili kisha kurudi na "nilikuwa bize" si polepole.

Tutabishana, na nangoja kwa hamu. Mimi nasema pilau iwe na viazi, na viazi vyenyewe viwe vimekunywa mchuzi mpaka ndani. Nasema chai ya maziwa inywewe hata kwenye joto. Nasema anayepanda feri akakimbilia mbele kabla mlango haujashuka vizuri, amshike mkono mama mzee aliye karibu naye, ndio hapo haraka yake itakuwa na faida. Njoo na hoja zako, nitakusikiliza mpaka mwisho, kisha nitakupakulia.

Tukikutana, iwe alasiri, mahali penye watu. Mimi napendekeza kahawa chungu na kashata karibu na Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na bado ipo pale pale, kwa hivyo ukichelewa ngome utaikuta. Mimi sitakuwepo, nitakuwa nimerudi kumchukua binti madrasa. Kahawa ya kwanza nalipa mimi. Najua, umeshaanza kukataa; ya pili utalipa wewe, nami nitaagiza na halua.

Ukiniandikia, "mambo" peke yake usiitume. Niambie leo umekula nini, nani alipika, na kama uliongeza. Kutokana na hayo matatu nitakujua zaidi kuliko picha yako ya ufukweni, ingawa hiyo pia nitaitazama. Najibu baada ya Isha, binti akishalala. Usiku ambao sikujibu, jua kuna meli imeingia na kontena za watu zinaningoja. Kesho yake nitakujibu, na nitakwambia imeleta nini.