Tathmini ya insha: “Nadharia za ujifunzaji na matukio matatu ya darasani kwangu”

Kozi: Saikolojia ya Elimu, mwaka wa 2
Alama: 61 kati ya 100
Uelewa wa nadharia 15/25, kuhusisha nadharia na tukio 20/35, uhakiki 11/20, mpangilio na lugha 15/20

Mwanachuo mpendwa,

Nimeisoma insha yako mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama msahihishaji, kalamu mkononi, na nikafika ukurasa wa 3 bila kukutana na mtoto hata mmoja. Mara ya pili nilianzia mwisho, kwa sababu aya yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nitake kurudi. Nitaieleza huko mbele. Kwanza tumalize yanayouma.

Kurasa mbili za mwanzo hazikupi alama yoyote. Mbwa wa Pavlov, paka wa Thorndike ndani ya visanduku vyake, tarehe za kuzaliwa na tuzo ya Nobeli ya 1904 (ambayo, kwa taarifa yako, Pavlov alipewa kwa kazi yake juu ya umeng’enyaji wa chakula, si kwa nadharia ya kujifunza): hakuna lolote kati ya hayo linalorudi baadaye ulipoingia darasani. Pavlov hatajwi tena hata mara moja. Swali lilikutaka utumie nadharia kueleza ulichokiona kwenye mazoezi ya kufundisha. Msomaji wako anajua mbwa walitokwa na mate. Asichokijua ni kilichotokea kwenye dawati la tatu, safu ya dirishani, siku ya Jumanne.

Tukio la kwanza: mwanafunzi anayepiga kelele. Unasema kila alipoanza fujo kwenye kipindi cha hisabati ulimtoa nje kwa dakika kumi, na kwamba huo ni “uimarishaji hasi kwa sababu ni adhabu”. Hapa umechanganya mambo mawili ambayo Skinner aliyatenganisha kwa makusudi. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, huongeza tabia, adhabu huipunguza. “Hasi” haimaanishi “baya”. Maana yake ni kwamba kuna kitu kimeondolewa, na kuondolewa kwake kunamfanya mtu arudie alichofanya. Kosa hili nalikuta katika insha nyingi kila muhula, kwa hiyo usijione uko peke yako, lakini katika kozi hii ni kosa la msingi na limekugharimu.

Sasa tazama jambo la ajabu. Istilahi uliyoitumia kwa sababu isiyo sahihi huenda ndiyo inayofaa. Katika aya hiyohiyo umeandika, kama jambo la pembeni, kwamba kelele “ziliongezeka wiki ya pili” na kwamba zilianza zaidi siku za kugawanya kwa njia ndefu. Basi jiulize: mtoto asiyeweza kugawanya, akipiga kelele anaondolewa nini? Anaondolewa kugawanya. Ulidhani unamwadhibu, kumbe ulikuwa unamfungulia mlango. Kwa Skinner, nia ya mwalimu haina uzito. Kinachoamua ni tabia iliyofuata, na tabia iliyofuata iliongezeka. Na ukitaka kwenda mbali zaidi (ningekupongeza kama ungekwenda), darasa lilitulia mara tu alipotoka, na utulivu huo ulikufanya wewe umtoe tena kesho yake. Mlikuwa mnaimarishana. Ushahidi wote huu ulikuwa nao na uliuandika kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukaupita ili uwahi kunukuu fasili.

Sisemi kwamba maelezo hayo ndiyo ya kweli bila shaka. Huenda alitaka wenzake wamcheke, na hapo kiimarishi kingekuwa kingine kabisa. Ungeweza kuyapima: mpe swali la kugawanya analoliweza, uone kama kelele zinapungua. Sentensi moja ya aina hiyo ingekupandisha kwenye kigezo cha uhakiki.

Tukio la pili, la hesabu za sehemu, ndilo bora zaidi katika insha nzima, na ndilo ulilolitendea haki kidogo kuliko yote. Mwanafunzi wa miaka kumi anasisitiza kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4. Unamwuliza kwa nini. Anajibu: “Kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne.” Unampa ukanda wa karatasi aukunje mara mbili, kisha mara tatu. Anatazama, anakaa kimya, halafu anasema: “Lakini vipande ni vingi zaidi!” Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Hicho ndicho tunachowatuma mkakitafute.

Halafu unafunga tukio kwa sentensi moja: “Hii inaonyesha kwamba hajafikia hatua ya utendaji halisi ya Piaget.” Hapana. Kwanza, kwa umri aliokadiria Piaget, kati ya miaka 7 na 11, mtoto huyu anatarajiwa kuwa ndani ya hatua hiyo. Umri huo ni makadirio tu, kweli, lakini ukitaka kusema mtoto yuko nyuma ya hatua unahitaji zaidi ya jibu moja kuhusu sehemu. Pili, na hili ni zito zaidi, kumpachika mtoto jina la hatua hakuelezi alichofikiri. Kunafunga mazungumzo. Mwalimu akishasema “hajafikia”, kinachobaki ni kusubiri akue.

Piaget huyohuyo anakupa kifaa kinachofaa zaidi, nawe umekitaja ukurasa wa 2 ukakiacha hukohuko: usimilishaji na urekebishaji. Mtoto ana skima, yaani mpangilio wa mawazo, ya namba nzima ambayo imemtumikia vizuri kwa miaka kadhaa: namba kubwa, kitu kikubwa. Anakutana na 1/8 na kuiingiza kwenye skima ileile: huo ndio usimilishaji. Si uzembe, ni akili ikifanya kazi yake. Karatasi inapokunjwa, macho yanaona kitu kisichokubaliana na skima hiyo, na ule ukimya ulioutaja ndio msawazo ukivunjika. “Lakini vipande ni vingi zaidi” si kosa jingine. Ni urekebishaji ukianza: mtoto akigundua kwamba wingi wa vipande na ukubwa wa kipande ni mambo mawili, ingawa bado hajayaachanisha kabisa. Yuko katikati ya mto.

Kwa hiyo nilitaka kujua: kesho yake ilikuwaje? Ulimwuliza kuhusu 1/5 na 1/6 bila karatasi? Kama alijibu sawa, una dalili kwamba skima imebadilika. Kama alirudia “sita ni kubwa”, basi alijifunza kuhusu karatasi, si kuhusu sehemu. Insha inanyamaza. Kama hukumwuliza, andika kwamba hukumwuliza. Sitakukata alama kwa ukweli.

Tukio la tatu, kazi ya vikundi, ni dhaifu. Umewapanga wanafunzi wanaoweza pamoja na wasioweza, wote wakamaliza zoezi, ukahitimisha kwamba “eneo la ukuaji wa karibu limefikiwa”. Eneo hilo si kituo ambacho watu hufika. Vygotsky alilieleza kama umbali kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza kwa kuongozwa na mtu mzima au na mwenzake mwenye uwezo zaidi. Ili kulionyesha unahitaji pande mbili: alichoweza kabla, peke yake, na alichoweza alipoongozwa. Umetoa moja tu. Tena umeandika, kwa uaminifu unaokusaliti, kwamba “mmoja aliandika na wengine wakanakili”. Kunakili si kuongozwa. Kikundi kilimaliza, hatujui ni nani aliyejifunza.

Mambo mawili madogo hapo hapo. Neno “jukwaa” kwa maana ya usaidizi wa muda umelihusisha na Vygotsky mwenyewe. Liliingizwa na Wood, Bruner na Ross katika makala yao ya 1976, miaka mingi baada ya kifo chake. Na kiini chake umekiacha: fundi hajengi jukwaa ili likae, ukuta ukisimama, linabomolewa. Insha yako inasimulia jinsi ulivyolijenga, haisemi lilibomolewa lini. Pili, unasema Vygotsky alikuwa akijibu maandishi ya Piaget ya miaka ya 1950. Wote wawili walizaliwa 1896, lakini Vygotsky alifariki 1934. Aliyoyahakiki ni maandishi ya mwanzo ya Piaget, hasa kuhusu mtoto anayejisemesha mwenyewe.

Sasa ile aya ya mwisho. Baada ya hitimisho ambalo lingeweza kuandikwa na mtu yeyote (“nadharia zote zina umuhimu wake”), umeongeza mistari minne kama mtu anayeomba radhi mlangoni. Unasema ulianza kutoa nyota kwa kila kitabu kilichosomwa, na baada ya wiki mbili watoto wakaanza kuchagua vitabu vyembamba tu. “Sijui nadharia ipi inaeleza hili,” umeandika.

Hili ndilo lililopaswa kuwa tukio lako la tatu. Uimarishaji ulifanya kazi sawasawa, ila uliimarisha kisichokusudiwa: ulihesabu vitabu, watoto wakakupa hesabu ya vitabu. Hapo nadharia ya Skinner haijashindwa. Mpango wako ndio uliolipa idadi. Lakini kuna swali la pili ambalo Skinner peke yake hakutoshelezi: je, hamu yenyewe ya kusoma ilipungua? Tazama utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett wa 1973. Watoto waliopenda kuchora waliahidiwa zawadi kwa kuchora, na baadaye, walipoachwa huru, walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Chora mstari kati ya maelezo hayo mawili, kwa sababu yanadai ushahidi tofauti. Vitabu vyembamba vinathibitisha la kwanza. La pili lingehitaji kuona walichofanya nyota zilipokwisha.

Lugha yako ni safi na aya zinafuatana vizuri. Punguza “kwa hakika” na “bila shaka”; nimezihesabu kumi na nne, nyingi zikiwa mahali ambapo shaka ilistahili kuwepo. Na majina: umetaja wanafunzi wawili kwa majina yao kamili. Yabadilishe kabla nakala haijaingia maktabani. Hilo si la hiari.

Una nafasi ya kuwasilisha upya hadi Ijumaa ijayo, saa 10 jioni, na alama ya juu kabisa kwa toleo la pili ni 75. Usiandike insha nzima upya. Futa kurasa mbili za mwanzo, tupa tukio la vikundi, weka nyota mahali pake kwa maneno yasiyozidi 500, kisha urudi kwa mtoto wa 1/8. Kama mazoezi yako bado yanaendelea katika darasa lilelile, mwulize kuhusu 1/5 na 1/6, na uandike jibu lake neno kwa neno kama ulivyofanya mara ya kwanza.

Mkufunzi wako, Saikolojia ya Elimu