Zainabu anafuta

Zainabu alianza na picha, akidhani picha ndo rahisi.

Tulikuwa chumbani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, mama keshalala, mimi nimejilaza upande wa ukutani na yeye kakaa katikati ya kitanda, simu iko kwenye chaji. Jumamosi ndo alimwacha Hamisi, nilimsikia akimwambia kwenye simu "mimi nimefika mwisho," akakata. Hakulia, na mimi sikumuuliza kitu, mdogo wangu ukimuuliza kabla hajawa tayari anafunga mdomo wiki nzima.

Picha zikaenda haraka. Hamisi stesheni mbele ya lile jengo la Mjerumani, Hamisi Ujiji chini ya mwembe, Hamisi kainua migebuka miwili anacheka. Anashikilia, anaburuta kidole, anafuta. Akakwama kwenye moja tu, ya harusi ya binamu yetu kule Kasulu, Hamisi kamshikia mama mkoba na mama anacheka mpaka magego yanaonekana, mama yetu huwa hacheki hivo kwenye picha.

"Dada, hii je?"

"Kata, mbakishe mama."

Akakata, akasogeza, akakata tena, lakini kila akikata vidole vya Hamisi vinabaki kwenye mkanda wa mkoba, ukivitoa unamtoa na mama bega. Akaiacha hivohivo.

Alipofika kwenye meseji hakufuta. Aliingia kule WhatsApp kwenye kutafuta akaandika "barua", zikashuka zote, akaanza kunisomea kwa sauti ya chini ili mama asiamke.

Machi 2020, mwaka huu barua inakuja mwambie mama ajiandae. Halafu baada ya mfungo. Halafu giza hili likikaa vizuri namtuma mjomba. Hamisi ana mtumbwi wa dagaa Kibirizi na dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, basi na mapenzi yao yalikwenda na mwezi, ukiwa mpevu tunamwona hapa na kanzu imepigwa pasi, giza likiingia hapatikani. Zainabu miaka yote hiyo alikuwa anaangalia juu kabla ya kupanga safari yoyote, hata kwa shangazi Uvinza haendi kama mwezi unakaribia kujaa. Mimi hilo ndo lilikuwa linaniuma kuliko hata hiyo barua yenyewe.

Akafika Mei 2024. "Ziwa limefungwa mpenzi, hela ya barua nitaitoa wapi."

"Hapa hakudanganya," akasema.

Na kweli hakudanganya. Ziwa Tanganyika lilifungwa katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, uvuvi ukasimama, mama aliyezoea kuanika dagaa akakaa anauza mawese ya kupimapima, mtaa mzima tulikula maharage. Hakuna aliyemlaumu Hamisi kwa miezi ile, Zainabu ndo alikuwa anamtumia yeye hela ya vocha.

Akaburuta kidole kuendelea kwenye za baadaye. Hakukuwa na kitu. Ziwa lilifunguliwa Agosti, taa zikarudi majini, Hamisi akavua na akanunua hadi pikipiki, lakini hilo neno halikutokea tena, hata kwa kuahidi, hata kwa uongo. Zainabu alirudia kutafuta akidhani simu inasumbua.

"Kumbe aliacha zamani," akasema. "Mimi ndo nimechelewa kuambiwa."

Hapo ndo alilia, na alilia sana, nikampa kanga yangu nikamshika mgongo nikanyamaza maana ningesema nini mimi.

Alipotulia akataka kufuta mazungumzo yote kwa mpigo, nikamshika mkono.

"Subiri mdogo wangu. Zile za betri na taa za sola usiziguse."

Laki tatu na nusu. Alimkopesha ziwa lilipofunguliwa, kutoka kwenye mchezo wake, na Hamisi mwenyewe kaandika kwa mkono wake "nitakurudishia giza la pili". Tukazipiga picha zile meseji pamoja na ya muamala, akanitumia kwenye simu yangu, ndo akafuta. Nikamkumbusha na kapu la takataka kwenye Google Photos, kwa sababu picha zinakaa mle wiki kadhaa na ukizidiwa usiku mmoja unazirudisha, mimi nawajua waliozirudisha. Akaingia akalimwaga.

Namba ya Hamisi hakuifuta. Aliandika, akanionesha kwanza:

"Hamisi salama. Nakudai 350,000 ya betri na taa. Naomba uitume mpaka mwisho wa mwezi huu. Mengine yameisha."

"Nitoe hiyo salama?"

"Iache, salamu haina kosa."

Akatuma. Tiki mbili zikatokea palepale, yupo nchi kavu basi, akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Zainabu akaigeuza simu kifudifudi akaniuliza kama ule ugali wa jioni umebaki.