Hati ya Makubaliano ya Kumaliza Mgogoro wa Kazi

Mwanza, 10 Machi 2025

Kati ya wewe, uliyekuwa mtunza ghala (Mfanyakazi), na kampuni iliyokuajiri (Mwajiri), mbele ya Msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

1. Mwajiri atakulipa Sh. 7,800,000: notisi 800,000, likizo 600,000, fidia pamoja na kiinua mgongo 6,400,000. Nusu italipwa benki ifikapo 17 Machi 2025. Iliyobaki ifikapo 15 Aprili 2025. Kodi pekee ndiyo itakayokatwa. Awamu yoyote ikichelewa siku 7, salio lote linadaiwa papo hapo, nawe unaweza kuomba utekelezaji mahakamani.

2. Salio likishaingia, si kabla, unaachilia madai yote dhidi ya Mwajiri yatokanayo na ajira hii na kuachishwa kwako. Huachilii michango yako ya NSSF, fidia ya ajali au ugonjwa wa kazini, wala haki ya kudai utekelezaji wa hati hii. Mwajiri naye hana dai kwako, ikiwemo upotevu wa mali ya ghala.

3. Kiasi cha malipo ni siri kwa pande zote. Unaweza kumweleza mwenza wako, wakili, chama cha wafanyakazi na mamlaka ya kodi. Kuripoti uhalifu au kutoa ushahidi hakuzuiwi.

4. Cheti cha utumishi kitatolewa pamoja na awamu ya kwanza, bila kutaja mgogoro.

Umesomewa hati hii na kupewa nakala kabla ya kusaini.