Mwaliko kwa Waandishi wa Habari: Kufunguliwa kwa Mwamba wa Pweza, Jambiani Kikadini, Jumapili 27 Septemba 2026

Kamati ya Wavuvi ya Shehia ya Jambiani Kikadini
Wilaya ya Kusini, Mkoa wa Kusini Unguja
Jumatatu, 14 Septemba 2026

Kwa: Wahariri wa habari, waandishi wa magazeti, redio, televisheni na mitandao, pamoja na redio za jamii za Unguja na Pemba

ISITANGAZWE KABLA YA SAA 3:00 ASUBUHI, JUMAPILI 27 SEPTEMBA 2026 (sababu imeelezwa hapo chini)

NINI
Kufungua sehemu ya mwamba iliyofungwa kwa uvuvi wa pweza kwa muda wa miezi mitatu, tangu Jumamosi 27 Juni. Siku hiyo wavuvi wa Kikadini wataingia mwambani kwa mara ya kwanza tangu ifungwe, na pweza wote watapimwa kwenye mizani ya kamati mbele ya watu.

NANI
Wenyeji ni Kamati ya Wavuvi ya Shehia na akina mama wavuvi wa pweza wa Kikadini. Watakaozungumza na waandishi ni Mwenyekiti na Katibu wa Kamati, Sheha, wawakilishi wawili wa akina mama, mwakilishi mmoja wa wapiga mbizi na mnunuzi mmoja wa pweza. Afisa uvuvi wa wilaya amealikwa.

LINI
Jumapili, 27 Septemba 2026, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 7:30 mchana. Akina mama wanaingia majini saa 3:00 kamili.

WAPI
Diko la wavuvi, pwani ya Jambiani Kikadini. Ukitoka barabara kuu ya Paje kwenda Makunduchi, shuka Kikadini uelekee pwani. Vijana wa kamati wenye fulana za kijani watakuwa njiani kukuelekeza.

KWA NINI
Pweza wa mwamba wetu anakua haraka na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hutundika mayai yake, maelfu kwa maelfu, kwenye paa la pango, kisha hukaa nayo akiyapepea maji na kuyalinda, hali chochote, mpaka yaanguliwe, naye hufa. Ukimchokoa jike aliyelalia mayai, kizazi chake chote kimepotea. Na ukimchukua mdogo wa leo, umeikosa kilo ambayo angeifikisha baada ya miezi michache. Ndiyo maana miezi mitatu ya subira, ambayo kwa samaki wengine isingeleta tofauti kubwa, kwa pweza inaonekana kwenye mizani.

Utaratibu huu si wetu peke yetu. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza kufunga sehemu za miamba yao mwaka 2004, na vijiji vingi vya pwani ya Bahari ya Hindi vikaufuata, vikiwemo vya Unguja na Pemba. Linalotofautiana kutoka kijiji hadi kijiji ni namna ya kufungua, na hapo ndipo tunapoomba muelekeze macho yenu.

Siku ya kufungua ni siku ya neema, lakini pia ni siku inayoweza kuvuruga kazi yote ya miezi mitatu kwa saa mbili. Wapiga mbizi wenye miwani na ngalawa hufika ukingo wa mwamba mapema, wakachukua pweza wakubwa kabla mama anayekwenda kwa miguu na kijiti chake hajavuka nyasi za bahari. Mama huyo ndiye aliyekubali kwanza kuacha mwamba, na ndiye ambaye kwa miezi mitatu alitafuta riziki pengine. Bei nayo huanguka, kwa kuwa pweza wote wanafika dikoni kwa wakati mmoja na mnunuzi anajua huna barafu.

Kwa hiyo safari hii kamati imepitisha mambo matatu kwenye mkutano wa shehia. La kwanza, saa moja na nusu ya mwanzo ni ya wanaokwenda kwa miguu peke yao. Wapiga mbizi na vyombo vinaingia saa 4:30. La pili, wanunuzi wameitwa kabla na bei ya kilo itatangazwa dikoni saa 2:45 asubuhi, kabla mtu hajalowa. La tatu, pweza asiyefika nusu kilo hapokelewi kwenye mizani, na jike atakayekutwa na mayai anaachwa pangoni mwake. Hatujui kama yote haya yatashika. Njooni mshuhudie, na kama hayakushika semeni hivyo.

RATIBA

Saa 2:30 asubuhi: Kuwasili dikoni, kujiandikisha na maelezo mafupi ya Katibu. Ukichelewa hapa, huwezi kuwafikia akina mama bila kupita kwenye mashamba ya mwani, na hilo hatutaliruhusu.

Saa 2:45: Bei ya kilo inatangazwa, kisha dua.

Saa 3:00: Akina mama wanaingia. Waandishi watakaotaka kwenda mwambani wataongozana nao kwa makundi ya watu watano, kila kundi na kiongozi wake.

Saa 4:30: Wapiga mbizi na ngalawa zinaruhusiwa. Mwisho wa kupwa unatarajiwa kati ya saa 4:30 na saa 5:00.

Saa 6:00 mchana: Waandishi wote wawe wamerudi nchi kavu. Hatutaomba mara mbili, maana maji hayasubiri mahojiano.

Saa 6:00 hadi 7:00: Mizani dikoni. Kila mvuvi anapimiwa kwa jina lake na uzito unaandikwa ubaoni.

Saa 7:00: Maswali na majibu chini ya banda la diko, halafu chakula.

Hatukuweka hotuba za wageni rasmi kabla ya kuingia majini. Ratiba hii imepangwa na bahari: mwezi unapevuka Jumamosi usiku, bamvua ni kubwa, na katika majira haya tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yakianza kurudi, yanarudi kwa kasi. Dakika 30 za hotuba ni dakika 30 zinazotoka kwenye kapu la mtu.

Kusi likivuma kwa nguvu hata isiwe salama kuingia, shughuli itasogezwa hadi Jumatatu 28 Septemba, na muda wote utasogea mbele kiasi cha dakika 40. Waliothibitisha watajulishwa Jumapili kabla ya saa 12:30 asubuhi.

KUHUSU KUTOTANGAZA MAPEMA
Tunajua si kawaida kwa shughuli ya kijiji kuomba jambo hili. Sababu yake ni nyepesi kueleza: siku za mwisho kabla ya kufungua ndizo hatari zaidi kwa mwamba. Habari ikienea kwamba pweza wamekuwa wakubwa na siku imefika, wapo watakaokuja usiku na tochi. Walinzi wetu ni wanakijiji wanaojitolea kwa zamu, nao hawawezi kuwa kila mahali. Tunawaomba msiitaje siku, saa wala sehemu, hata kwa picha ya kudokeza kwenye mitandao, mpaka saa 3:00 asubuhi ya Jumapili. Baada ya hapo tangazeni mpendavyo, na matangazo ya moja kwa moja yanaruhusiwa.

PICHA NA MAHOJIANO
Kwa wapiga picha, mwanga mzuri na watu wengi ni kati ya saa 3:00 na saa 4:00, wakati safu ya akina mama inapovuka maji ya magoti kuelekea mwambani. Kwa redio, sauti nzuri ziko mwambani wakati mama anapochokoa pango na kuwaita wenzake, kisha dikoni wakati uzito unaposomwa kwa sauti. Wanaotaka kuandika makala ndefu tunaweza kuwakutanisha, Jumamosi jioni au Jumapili mchana, na akina mama wanaolima mwani na kuvua pweza kwa pamoja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Jambiani na jirani zetu Paje mwaka 1989, na wengi wao wanakumbuka pwani hii kabla na baada yake.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha ya karibu. Watoto wasipigwe picha wala kuhojiwa bila mzazi au mlezi kuwepo. Wapo akina mama waliokwisha kutuambia kwamba watazungumza lakini hawataki sura zao zionekane. Watakuwa wamefunga kitambaa cheupe mkononi, na tunaomba hilo liheshimiwe. Mwenye droni aje na nakala ya vibali vyake. Bila vibali haitaruka.

USAFIRI NA MAHITAJI
Daladala moja iliyokodiwa na kamati, yenye nafasi 20, itaondoka Mnazi Mmoja, mjini Unguja, saa 12:45 asubuhi na kurudi saa 8:00 mchana. Nafasi zitagawiwa kwa anayethibitisha kwanza. Wanaokuja kwa magari yao waegeshe kando ya barabara ya ndani, si kwenye mchanga ambapo ngalawa hupandishwa.

Kamati haina fungu la posho wala nauli kwa waandishi. Kuna chakula cha mchana, maji ya kunywa na mahali pa kuchaji vifaa. Tumelisema wazi mapema ili kila chombo kijipange, na ili mtakachoandika kiwe chenu.

Njoo na kitambulisho cha kazi, kofia, mfuko usiopitisha maji wa kuhifadhia kamera, na viatu vyenye soli ngumu vinavyofungwa miguuni. Ndara hazifai, mwamba una mawe makali na miiba ya baharini, na kutembea mpaka ukingoni ni kama dakika 40. Asiyeweza kutembea majini hatakosa habari: mizani na mahojiano yote muhimu yako dikoni. Mavazi yawe ya heshima ya kijiji, mabega na magoti yafunikwe.

KUTHIBITISHA
Thibitisha kabla ya saa 10:00 jioni, Alhamisi 24 Septemba, kwa kujibu barua pepe au ujumbe wa WhatsApp uliokufikishia mwaliko huu. Taja jina lako, chombo chako, idadi ya watu na vifaa, kama unahitaji nafasi kwenye daladala, na kama utakwenda mwambani au utabaki dikoni. Katibu wa Kamati ndiye msemaji wa shughuli hii na anapokea simu kwa namba hiyo hiyo kila siku kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, isipokuwa nyakati za sala.

Jumla ya uzito wa siku, idadi ya wavuvi waliopimiwa (wanawake na wanaume kando kando) na bei iliyolipwa vitatumwa kwa waliothibitisha wote Jumapili hiyo hiyo kabla ya saa 11:00 jioni, pamoja na picha tano zinazoruhusiwa kutumika bure.

Katibu
Kamati ya Wavuvi ya Shehia, Jambiani Kikadini